Kigoda cha Minza

Minza hawezi kutembea hatua mia bila kugeuka nyuma. Nimemwona akipeleka maziwa kwa baiskeli kutoka kwao Sapiwi mpaka Bariadi mjini, na dumu analifunga kwa kamba ya katani, fundo lake mwenyewe. Akiingia dukani kumpimia mteja akatoka, jambo la kwanza ni kukagua fundo kama ni lile lile. Akikuta limelegea kidogo, anauliza watu wote waliosimama pale, hata mtoto wa kubebwa mgongoni anamwangalia vibaya.

Tabia hiyo ameitoa kwa mama yake, Mektilda. Mama Mektilda alikuwa anakuja mazoezini na kijiti cha majani mkononi, mwanawe akimaliza kukimbia anapita nyuma yake anafuta nyayo. Anasema mtu mbaya akichota udongo wa unyayo wako amekuchukua wewe mzima. Basi kiwanja kizima kina nyayo zetu, ila za Minza hakuna, utadhani alipita akiruka.

Minza ana miaka kumi na tisa. Kukimbia alianza kwa ndama. Siku moja ndama alikata kamba akaelekea barabarani, Minza akamfuata, akamshika mkia kabla hajafika lami. Aliyekuwa amesimama pembeni na toroli la mchanga ni Nkwabi, anayefyatua matofali ya zege nyuma ya soko la pamba. Zamani Nkwabi alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba, na kabla ya hapo alikuwa mkimbiaji wa mkoa, enzi hizo mkoa ukiwa bado Shinyanga. Alimwambia Minza, "Wewe binti, hiyo mbio unampa ndama bure?"

Huko nyuma ya matofali ndiko kuna jimu yetu. Vyuma vyenyewe ni bomba la maji lenye sahani za zege alizozimwaga Nkwabi ndani ya mabeseni. Tulikuwa wanane, lakini wa mita mia kwa wasichana tulikuwa wawili, Minza na mimi. Mimi, Wema, ni mfupi, nauza dagaa wa Lamadi asubuhi, shule niliiacha darasa la sita. Sisemi sana. Naangalia. Watu wengi hawapendi mtu anayeangalia bila kusema, na Minza hakupenda kuliko wote.

Mwaka huo baba yake, mzee Mayige, alikuwa amempa msimu mmoja. Akichaguliwa timu ya mkoa, aendelee. Asipochaguliwa, anakwenda Mwandoya kwa shangazi yake kulima pamba na kutunza nyumba, na habari za kukimbia zinaishia hapo. Minza aliniambia hayo mara moja tu, kisha akajuta kuniambia. Niliona kwenye macho yake. Alikuwa anafikiri nitayatumia.

Mchujo ulikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata. Wiki sita.

Sasa kigoda. Nkwabi alitufundisha kuchuchumaa na bomba mabegani, na nyuma ya kila mtu anaweka kigoda. Unashuka taratibu mpaka makalio yaguse, unasimama. Hukai. Ukikaa anakupigia kelele, "Umekuja kwenye harusi?" Kigoda cha Minza kilikuwa kirefu, miguu mitatu, mmoja umefungwa raba ya tairi ya baiskeli kwa sababu ulipasuka. Akishuka alikuwa anaishia juu ya usawa wa magoti. Changu kilikuwa kifupi sana, cha jikoni, cha kukunia nazi, mke wa Nkwabi alikitoa kwa sababu hakikuwepo kingine. Mimi nilikuwa nashuka mpaka nyonga zinapita magoti kwenda chini. Mwaka mzima hivyo, nikianza na bomba tupu.

Na kwenye mbio ilikuwa hivi. Hatua kumi za kwanza nilikuwa mbele ya Minza. Kila siku. Baada ya hapo ananipita, ana miguu mirefu, ananiachia vumbi. Lakini hizo hatua kumi zilimnyima usingizi.

"Kocha," alimwambia Nkwabi siku moja, "kwa nini Wema anashuka chini kuliko mimi?"

"Kwa sababu ni mfupi."

"Mimi nipe kifupi."

"Kigoda chako ndiyo mwisho wako. Ukishuka zaidi na mzigo huo utavunjika magoti."

"Yeye havunjiki?"

"Minza, beba chuma, acha kesi."

Akabeba. Lakini alinitazama mimi, si kocha. Alishaamua kuna kitu tunaficha, kocha na mimi.

Jumatatu iliyofuata kigoda chake hakikuwepo. Tulitafuta nyuma ya mifuko ya saruji, chini ya turubai, hata kisimani. Nkwabi alisema labda mtu amekiazima kwa ajili ya msiba, kitarudi chenyewe. Minza akasema basi leo atachuchumaa bila kigoda. Nkwabi alikuwa na mteja wa matofali, akasema, "Haya, kwa akili," akaenda zake. Minza akapakia sahani zile zile za siku zote akashuka. Akashuka mpaka chini kabisa, makalio karibu na visigino. Akapanda akitetemeka. Mara sita. Jumatano tena, mara nane, akaongeza na sahani. Mimi nilikuwa nahesabu kimya.

Ijumaa ilikuwa mbio za kuanza. Nkwabi ametupigilia vibao vya kuanzia, unaweka miguu, unainama mikono chini, anapiga makofi. Mara ya tatu, hatua ya pili, Minza alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba, akapunguza, akatembea akiwa ameshika paja juu kabisa kwa ndani, karibu na kalio.

"Nini?" Nkwabi aliuliza.

"Mtoki."

Neno hilo moja ndilo lililotusumbua karibu wiki mbili.

Kwetu mtoki ni uvimbe wa kinenani. Mtu akijikwaa kidole unaweza kumtoka. Lakini kwa msichana, watu wakisikia mtoki wanaanza kuuliza mengine, amelala wapi, amelala na nani, ana ugonjwa gani, au ana mimba. Kesho yake sokoni mama mmoja alinunua dagaa kwangu huku akiniuliza eti yule binti wa maziwa amepatwa na nini. Jumapili wengine walikuwa wanasema ni kocha. Wateja wawili wa maziwa wakaacha kuchukua kwake. Mimi mwenyewe, sitaficha, nilimwangalia Nkwabi mikono yake alipomkanda Minza lile paja, nikaangalia sana. Sikuona kitu kibaya. Niliona tu mtu anayekanda mahali ambapo hapajui. Aliamini ni nyama ya nyuma ya paja imevutika, akamwambia apanue miguu ainame mpaka aguse vidole, avute, avumilie. Minza akavuta. Siku ya pili alikuwa anachechemea.

Na uvimbe haukuwepo. Niliona alipokuwa anabadilisha kaptula. Mtoki gani hauna uvimbe?

Jumanne Mama Mektilda alifika jimu mchana kweupe, kijiti cha majani mkononi. Wote tuliacha vyuma.

"Mwadila, mayu," Nkwabi alimsalimia mama kwa Kisukuma, amenyoosha mikono miwili.

Hakuitikia salamu. "Kigoda cha mwanangu kiko wapi?"

"Mama, kigoda ni cha kwangu."

"Kilichokaliwa na nani mwaka mzima? Kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Kimepotea Jumatatu. Ijumaa mguu umekufa. Nyie mnaona hizo ni siku mbili tofauti?" Akazunguka akitutazama mmoja mmoja. Akasimama kwangu. "Nani alikuwa wa mwisho kutoka hapa Jumamosi?"

Nilikuwa mimi na Minza. Minza aliinamisha kichwa.

"Nyayo nilizifuta, mkachukua kigoda," mama alisema. "Jina Wema. Moyo sijui wanauitaje."

"Mama, huyu ni mtoto," Nkwabi alisema.

"Mwanangu akiumwa, anayeshinda ni nani?"

Jibu lilikuwa pale limesimama, limevaa raba za mtumba. Minza asipokimbia, nafasi ni yangu. Hata Nkwabi alinitazama mara moja, haraka, akageuza macho. Nikajua na yeye wazo hilo limempitia.

Kuanzia siku hiyo wenzangu walikuwa wakihesabu mali zao nikipita. Mmoja aliondoa kandambili zake. Mimi nikaanza kuwahesabu wao pia. Nani alikuja Jumapili? Nani ana ndugu mganga? Nkwabi mwenyewe, je? Kwa nini alikataa Minza asishuke chini? Nilirudi nyumbani nikikumbuka kila neno lake, nalipindua, naangalia chini yake.

Alhamisi Nkwabi aliniambia twende Sapiwi kumwona mgonjwa, ili mama aone hatujifichi. Tulikwenda na pikipiki yake. Tulimkuta Minza zizini anakamua. Amekaa, ndoo ameibana katikati ya magoti, maziwa yanapiga bati, shwaa, shwaa. Mama yake amesimama mlangoni mwa zizi.

"Mnaona?" Mama Mektilda alisema. "Anabana ndoo asubuhi na jioni. Hasikii maumivu. Nyama za ndani ya paja kazi yao si kubana? Zinabana. Kwa hiyo nyama haina kosa. Kuna kitu kingine, na kitu hicho kina mwenyewe."

Nkwabi akaitazama ndoo. Na kweli maneno yale yalikuwa na akili. Hata mimi niliona hivyo.

Lakini mimi sikuwa naangalia ndoo. Nilikuwa naangalia alichokikalia. Miguu mitatu. Mmoja umefungwa raba ya tairi ya baiskeli.

Minza akageuka nyuma, kama kawaida yake, akanikuta naangalia. Maziwa yakanyamaza. Alivuta kanga ikafunika kigoda chote, akaendelea kukamua.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nyuma ya Nkwabi na maneno yamenijaa mdomoni. Ningesema, nani angeniamini? Wangesema nimekipeleka mwenyewe, nimekuja kujifanya nakiona. Na kuna lingine, baya zaidi, nalisema kwa sababu ni kweli. Nikinyamaza, mita mia ni yangu.

Jumatatu Nkwabi alimpeleka Minza hospitali, kwa mtaalamu wa viungo, dada anaitwa Joyness, ametoka Dar, anaongea haraka. Mama Mektilda akaja kuhakikisha hakuna atakayemwekea mwanawe kitu. Mimi nikaambiwa nije kwa sababu mama alisema anataka kuniona mbele ya macho yake, nisibaki nyuma nikifanya mambo. Wiki tatu zilikuwa zimebaki, na siku chache.

Joyness alimwangalia kinenani. "Hakuna mtoki hapa. Nani amesema mtoki?"

"Mimi," Minza alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya." Akamlaza chali, akampinda magoti, akaweka ngumi yake katikati. "Bana. Bana kwa nguvu."

Minza akabana, akakunja uso.

"Panauma?"

"Ndiyo. Juu, kwa ndani."

"Nyoosha miguu sasa. Bana tena."

"Hapo kidogo tu."

Halafu akamkunja paja moja mpaka karibu na tumbo, akashika chini ya goti. "Sukuma mguu wako chini kwenye mkono wangu. Kama unakanyaga." Minza akasukuma, akatoa ile sauti ya Ijumaa. Sauti ile ile kabisa. Joyness akabonyeza karibu na mfupa wa kukalia, upande wa ndani, Minza akaruka.

"Mama anasema anabana ndoo bila shida," Nkwabi alisema.

"Ndoo ina uzito gani? Hiyo siyo kazi, hiyo ni kupumzika." Joyness akakaa kwenye meza yake, akatutazama. "Kitu kimoja sikielewi. Mtu hakimbii mwaka mzima salama, halafu siku moja nyama hii inachoka ghafla. Wiki ile kulibadilika nini kwenye mazoezi?"

"Hakuna," Nkwabi alisema. "Uzito ni ule ule. Mbio ni zile zile."

"Minza?"

"Hakuna."

"Mimi nisipojua, nitakupa vidonge na mapumziko, utarudi, itaumia tena. Safari hiyo utakaa miezi. Nauliza tena."

Mama Mektilda alikuwa ananitazama mimi, amekaza macho, kama jibu liko mfukoni mwangu. Na lilikuwepo. Nilifikiri hatua kumi zangu za mbele, nikafikiri Mwandoya, msichana anayegeuka nyuma kila hatua katikati ya shamba la pamba ambako hakuna mtu wa nyuma.

Sikutaka kumtaja. Nikauliza tu.

"Minza, juzi ng'ombe ulikuwa unakamua umekalia nini?"

Alinitazama, akaanza kulia, siyo kwa kelele, machozi tu.

"Kigoda," alisema. "Kigoda nilikichukua mimi. Jumamosi, nikakifunga kwenye baiskeli, nikakifunika kwa gunia."

"Wewe?" Mama yake alisimama. "Wewe mwenyewe?"

"Nilitaka kushuka kama Wema. Kocha alikataa. Nilijua kisipokuwepo ataniacha nishuke. Halafu mguu ukauma, na wewe mama ukaanza kuuliza nani mwizi, ningesema nini?"

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu mbele ya vidume?"

"Mama, ulikuwa umeshaanza."

Nkwabi alicheka, akashindwa kujizuia, akajifanya anakohoa. Joyness hakucheka. Alikuwa amesogeza kiti.

"Subiri. Kigoda kinahusu nini? Nielezeni taratibu."

Nkwabi alimweleza, cha Minza kirefu, cha kwangu kifupi. Joyness alisikiliza, akauliza mara mbili Minza alishuka mpaka wapi na sahani ngapi. Kisha akaniita, nisimame mbele. Akachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli anaotumia kwa wagonjwa, akashika ncha moja chini ya kalio langu, kwenye mfupa wa kukalia, na ncha nyingine ndani ya goti, juu yake kidogo.

"Watu wote wanajua nyama za ndani ya paja ni za kubana. Ni kweli. Lakini iliyo kubwa kuliko zote humo, sehemu yake ya nyuma inapita hapa. Wema, chuchumaa."

Nikachuchumaa. Mpira ukavutika nyuma ya nyonga yangu, ukakaza kama kamba ya hema.

"Mnaona umepita wapi? Nyuma ya kiungo cha nyonga. Sasa huu mpira ukijikunja, utalivuta paja kwenda wapi?"

"Nyuma," Nkwabi alisema.

"Ndiyo. Paja likienda nyuma na mtu amekanyaga chini, yeye anasimama. Kwa hiyo mtu akiwa chini kabisa, makalio siyo peke yake yanayomnyanyua. Hizi za ndani zinabeba sana, na kadiri nyonga inavyokunjwa ndivyo kazi yao inavyoongezeka. Ukiishia juu, kwenye kigoda kirefu, hazipati kazi kubwa. Minza mwaka mzima amezipumzisha. Siku moja amezipa mzigo wote, kisha akaongeza sahani, kisha siku mbili baadaye akazipeleka kwenye mbio."

"Na mbio?" niliuliza. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo nasema bila kuulizwa.

"Mbio ni hivyo hivyo. Mguu ukiwa mbele, kabla tu ya kukanyaga na unapokanyaga, nyama hizo zinasaidia kuuvuta nyuma. Na ukianza umeinama kwenye vibao, nyonga imekunjwa sana, hatua za kwanza zinazitegemea kweli. Mguu ukishabaki nyuma, nyingine za humo humo zinageuka, zinasaidia kuurudisha mbele. Kazi mbili, watu wanazijua za kubana tu."

Nkwabi alinitazama mimi, miguu yangu mifupi, halafu akatazama sakafu. "Kwa hiyo hatua kumi za Wema..."

"Siwezi kuapa. Mtu anaanza vizuri kwa mambo mengi. Lakini kigoda kifupi hakikumdhuru."

"Cha kukunia nazi," Nkwabi alisema, kama mtu aliyeibiwa. "Mimi nilimpa kwa kukosa kingine."

"Umesikia?" Nilimwambia Minza. "Kwa kukosa."

Minza alifuta pua. "Mwaka mzima nikadhani mnanificha."

Joyness alisema ni mvutiko mdogo, nyama haijakatika. Kuvuta na kupanua miguu kuachwe mara moja, Nkwabi akaona aibu. Mita mia ya mchujo alisema hapana, kuanza kwa vibao bado. Mama yake akamshika Minza bega. Kisha Joyness akasema kukimbia akiwa amenyooka, taratibu kwanza, akipona vizuri anaweza. "Hamna mbio ambayo mtu anaanza amesimama?"

Nkwabi akakuna kichwa. "Kupokezana vijiti. Wa pili mpaka wa nne wanaanza wamesimama." Halafu akamtazama Minza na kutikisa kichwa, na sote tulijua kwa nini. Mwaka uliopita Minza aliwekwa kwenye vijiti. Aligeuka kutazama nyuma mara tatu, kijiti kikaanguka. Nkwabi aliapa hatamweka tena. Mpokeaji anatakiwa kuondoka mwenzake akifika kwenye alama, ananyoosha mkono nyuma, hatazami. Akitazama amepunguza.

"Hajui kutotazama," Nkwabi alisema.

"Basi hiyo siyo nyama," Joyness alisema. "Hiyo mtaimaliza wenyewe."

Wiki tatu zile zilikuwa hivi. Minza alilala chali na mpira wa miguu katikati ya magoti, akibana kwa kuhesabu. Alinyanyua makalio. Wiki ya pili alilala ubavu, mguu wa juu juu ya benchi, akaunyanyua mwili mzima kwa paja la ndani, akatukana benchi kwa Kisukuma. Nkwabi, ambaye kazi yake ni matofali, alipanga matofali na mbao nyembamba mahali pa kigoda. Siku ya kwanza mnara ulikuwa mrefu kuliko hata kile kigoda, bomba tupu. Kila baada ya siku mbili, paja likikaa kimya, anaondoa ubao mmoja. Mmoja tu. Minza akimwomba wa pili anasema, "Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hii."

Kigoda kilirudi. Mama Mektilda alikileta mwenyewe juu ya kichwa. Alinipa na chupa ya maziwa ya mgando. Sikuinywa siku hiyo. Nilisubiri mpaka kesho, nikamkaribisha Minza, nikamwona anakunywa ya chupa ile ile, ndipo nikanywa. Ndivyo tulivyokuwa.

Vijiti tulifanya kila jioni. Mimi wa tatu, kwenye kona, yeye wa nne, mstari ulionyooka. Nkwabi aliweka alama ya majivu. Nikifika kwenye majivu, Minza anaondoka. Siku ya kwanza aligeuka. Ya pili aligeuka. Ya tatu Nkwabi alimfunga kitambaa usoni, akakimbia akiwa amenyoosha mikono mbele kama anatafuta ukuta, tukacheka mpaka tukakaa chini. Alipovua kitambaa aliniuliza, tukiwa wawili tu:

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Nilijua."

"Siku nne. Ungenyamaza, ningeishia Mwandoya."

"Najua."

"Ulikuwa unafikiri kunyamaza?"

"Nilikuwa nafikiri."

Nadhani ningesema hapana, asingeniamini. Alitikisa kichwa taratibu. "Haya. Ukifika kwenye majivu piga kelele. Usipopiga, nitageuka."

Jumamosi ya mchujo wilaya zote zilikuja, Maswa, Meatu, Itilima, Busega. Jopo la mkoa lilisema vijiti watachukua wanne kutoka timu itakayoshinda. Mita mia nilikimbia mimi, nikashika nafasi ya pili, wanachukuliwa wawili. Minza alisimama nje ya mstari anapiga makofi, lakini alikuwa anaangalia hatua kumi zangu za kwanza, miguu yangu, sana. Sikumlaumu.

Kwenye vijiti, wa kwanza na wa pili wetu walituacha nafasi ya tatu. Nilipokea, nikaingia kona. Nilimwona Minza amesimama nusu ameinama, uso umegeukia kwangu kwa sababu hapo inaruhusiwa, anatazama majivu. Nikakanyaga majivu, nikapiga kelele, "Toka!"

Akatoka. Meatu alikuwa karibu yangu, nasikia pumzi zake. Minza anakwenda, mkono nyuma, vidole vimefunguka. Nilikuwa nasubiri kichwa kigeuke. Nilikisubiri kile kichwa kuliko nilivyosubiri mstari. Shingo ilikaza, niliiona, mshipa ukatoka, lakini kichwa kilibaki mbele. "Shika!" Nikakitia kijiti mkononi mwake, vidole vikafunga.

Halafu sikuona tena ila mgongo wake. Alimpita wa Itilima katikati, wa Maswa hatua nne kabla ya mwisho. Aliruka mstari, akaendelea kutembea bila kushika paja. Hapo ndipo alipogeuka nyuma.

Majina yalisomwa saa kumi. La kwangu lilisomwa mara mbili. La Minza mara moja, kwenye vijiti, mzee Mayige akasikia mwenyewe, akavaa kofia yake akaondoka bila kusema kitu. Kwa mzee Mayige hiyo ni ndiyo.

Watu walipopungua nilirudi kwenye alama ya majivu kuchukua raba zangu. Mama Mektilda alikuwa pale, ameinama, kijiti cha majani mkononi. Mahali tulipopokezana pamechimbika, nyayo juu ya nyayo.

"Za Minza ni zipi hapa?" aliniuliza.

Nikatazama. Zilikuwa zimekanyagana, zangu ndani ya zake. "Sijui, mayu."

Akanitazama, bado kwa yale macho yake ya siku zote. Kisha akafuta zote.